Aliyemleta Mtoto

Mimi nina mdomo, na watu wote wanaonifahamu watakwambia hivyo. Nashona sare za shule, na mteja akija na kitambaa kibovu namwambia machoni kwamba kitambaa hiki ni cha kuchujia chai. Kwa hiyo msishangae nikisema mambo yangu bila kuyafunika. Jambo moja tu katika maisha yangu nililifunika, nalo ndilo limeniumbua.

Mjukuu wangu alizaliwa alfajiri ya Jumatano, msichana, kilo tatu na robo, ana mashavu ya kubana. Saa nne asubuhi nilikuwa nimesimama miguuni mwa kitanda cha binti yangu, nimeshika chupa ya uji, najisikia kama mimi ndiye niliyezaa. Baba wa mtoto alikuwa dirishani, anamtazama mwanawe bila kupepesa. Yeye tunamwita Fundi, anachomelea mageti na madirisha ya chuma, na mikono yake imejaa vidoa vya moto. Alikuwa amenawa mara tatu kabla ya kumbeba, na bado alikuwa anaogopa kumchafua.

Akaja karani wa vizazi na kompyuta yake juu ya kitoroli. Hospitali ile mtoto hatoki wodini kabla hajaandikishwa, na jambo lenyewe ni zuri kabisa. Akachukua kitambulisho cha binti yangu, akaingiza namba, akasoma kwenye kioo bila hata kutuangalia. Jina la mama, sawa. Hali ya ndoa, ameolewa. Jina la baba wa mtoto, akataja jina la kinyozi, mkwe wangu wa zamani.

Fundi aligeuka kutoka dirishani. Binti yangu akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Dada, huyo tuliachana. Nina hukumu ya mahakama, ina miaka miwili sasa."

"Huku haionyeshi," karani akasema. "Huku wewe ni mke wa mtu. Mwanamke akiwa na ndoa, mfumo unamleta mume wake wenyewe kwenye nafasi ya baba. Mimi siandiki, unajiandika."

"Basi futa."

"Sina uwezo wa kufuta. Hukumu ilipelekwa kwa msajili wa ndoa? Mahakama haipeleki, mnapeleka wenyewe. Kama haikuandikwa kwenye daftari la ndoa, kwetu ndoa ipo." Halafu akalegea, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. "Nitaliacha faili wazi hadi kesho saa sita mchana. Msajili akiandika talaka kabla ya hapo, hali yako inabadilika na mimi namwandika baba mnayemtaka, maana talaka ya miaka miwili haina ubishi na mtoto wa leo. Saa sita ikipita linajifunga. Likijifunga, si langu tena."

Binti yangu akanigeukia. Alikuwa hana wasiwasi hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. "Mama, si ulipeleka?"

Nikasema nilipeleka. Nikaongeza, kwa sauti yangu ile ya kufokea wauza vifungo, kwamba ofisi hizi zimejaa wavivu, watu wanakunywa chai karatasi za watu zinaliwa na panya, ngoja niende nikawaonyeshe. Fundi akasema tutakwenda wote. Nikamwambia kaa na mkeo. Nikatoka na mkoba wangu.

Bahasha ilikuwa nyumbani kwangu, kwenye droo ya vitambaa, chini ya vipande vya karatasi vya kukatia kola. Ilikuwa hapo miaka miwili na mwezi mmoja.

Ngoja niseme ilivyokuwa, na yeyote anayetaka kunilaani alaani. Binti yangu aliishi na kinyozi miaka minne bila mtoto. Binti yangu alipimwa, akaonekana hana tatizo. Kinyozi alikataa kupimwa. Mama yake kinyozi alikuwa na ulimi kunishinda mimi, na kila akija pale nyumbani alikuwa anauliza habari za tumbo la mwanangu kama mtu anayeuliza bei ya nyanya. Mwishowe binti yangu akaenda mahakamani. Kesi ilichukua mwaka. Hakimu akatoa talaka, siku za kukata rufaa zikapita, kinyozi hakukata. Karani wa mahakama akampa binti yangu karatasi mbili, nakala ya hukumu yenye muhuri na hati ya kuthibitisha kwamba hakuna rufaa. Akamwambia apeleke zote mbili kwa msajili wa pale ndoa ilipofungwa, ndipo talaka iandikwe pembeni mwa ile ndoa.

Wiki hiyohiyo binti yangu alikuwa anaanza kazi ya kiwandani mji mwingine. Akaandika barua ya kuniruhusu nimwakilishe, akaigongesha muhuri wa wakili, akatia kila kitu kwenye bahasha. "Mama, Jumatatu usiache." Jumatatu nikaenda kweli. Nilivaa vizuri, nikapanga foleni, nikawa mtu wa nne. Kisha nikaona nani kakaa dirishani.

Mweka Hazina. Ndivyo tunavyomwita kwa sababu ndiye anayeshika sanduku la kikundi chetu cha akina mama. Nilikuwa najua anafanya kazi serikalini, sikujua kwamba ni dirisha lile. Kwenye kikundi mimi ndiye niliyekuwa nikisimama kuwafundisha wenzangu namna ya kulea mabinti wadumu kwenye ndoa. Nilikuwa nasema, wanangu mimi hawarudi nyumbani na begi. Jumamosi iliyokuwa imepita tu nilikuwa nimesema hivyo, na Mweka Hazina alikuwa ameitikia kwa kichwa. Sasa nimpe yeye hukumu ya talaka ya mwanangu aipige muhuri? Nikatoka kwenye foleni. Nikajiambia nitarudi akiwa likizo.

Na kabla Mweka Hazina hajaenda likizo, kinyozi akaja kwangu. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akalia. Mwanamume mzima, analia bila kufunika uso. Akasema, mama, mimi nilikosea, mama yangu alinijaza maneno, niombee msamaha kwa mwenzangu arudi. Mimi nilimpenda yule kijana, siwezi kudanganya. Alikuwa ananinyolea mume wangu marehemu bure, mpaka siku ya mwisho kitandani. Nikamwambia, tulia mwanangu. Karatasi iko kwangu. Haijafika kokote. Serikalini bado ni mkeo.

Nilidhani nampa moyo tu. Baadaye binti yangu akarudi mji huu, akampata Fundi, nami nikaona anacheka tena, nikafurahi. Bahasha ikawa kitu cha aibu tu. Kila nikifungua ile droo nilikuwa nasema kesho. Binti yangu hakuuliza tena maana nilikwisha kumwambia nimepeleka, na kitambulisho chake hakikuleta swali lolote mpaka siku ile ya kitoroli. Yeye na Fundi walipanga waandikishe ndoa mtoto akishazaliwa na nyumba ikishaezekwa. Wangejaribu mapema wangenigundua mapema, na ingekuwa heri.

Basi Jumatano ile nilifika dirishani saa saba kasoro. Mweka Hazina alinipokea kwa bashasha, "Mwenzangu, umepotea njia leo?" Nikasukuma bahasha. Akazitoa karatasi moja moja, akazisoma, akaangalia tarehe, na uso wake ukabadilika taratibu. Hakusema neno la kikundi. Hakunikumbusha hotuba zangu. Angenisema ningeweza kumjibu.

"Hukumu iko sawa," akasema chini chini. "Hati ya rufaa iko sawa. Talaka haiozi, hata ingekaa miaka kumi tunaandika, na tarehe tunayoiandika ni ile ya mahakama. Tatizo ni barua ya uwakilishi. Barua hii inaishi miezi sita. Ni lazima aje mwenyewe, au alete nyingine."

"Kazaa leo. Ana nyuzi."

"Basi aandike nyingine, wakili aishuhudie akiwa anatia saini. Ukileta kesho kabla ya saa tano, mimi mwenyewe nitaibeba mkononi mpaka kwa msajili."

"Wewe si unanijua? Unamjua mwanangu. Ulikuja kwenye harusi."

"Nakujua," akasema. "Ningekuwa nakujua kidogo ningeweza labda kufumba jicho. Nikikosea hapa watasema nimempendelea mtu wa kikundi changu, na talaka yenyewe itakuwa na kasoro. Utataka kumfanyia tena mwanao jambo lenye kasoro?"

Lile "tena" lilinifika.

Nikarudi hospitali. Njia nzima nilikuwa natunga. Nitasema barua ilipotea. Nitasema walibadilisha utaratibu. Uongo ulikuja mwingi, tena mzuri, lakini kila mmoja ulikuwa unahitaji saini ya binti yangu kwenye barua mpya yenye tarehe ya leo, na yeye si mjinga. Nilipofika kando ya kitanda nikasema, mwanangu, sikupeleka. Iko hapa. Ilikuwa kwangu muda wote.

Mtoto alikuwa ananyonya. Binti yangu hakupandisha sauti kwa sababu hiyo tu, nadhani. "Kwa nini?"

"Niliona aibu."

"Aibu ya nini? Talaka ni yangu."

Fundi alichukua karatasi, akatafuta kitu cha kuandikia juu yake, akampa trei ya chakula. Binti yangu akaandika barua kwa mkono mmoja, ule mwingine umemshika mtoto. Maneno ya kinyozi na ya kiti cha wateja sikuyasema. Nilisema nusu ya kosa, nikajiona nimetubu.

Wakili tuliyempata jioni ile alikataa kuja wodini, akasema kesho asubuhi. Asubuhi akafika saa nne na nusu, anahema kwa kupanda ngazi, akashuhudia saini, akagonga muhuri juu ya trei ileile. Fundi akanipakia kwenye pikipiki ya rafiki yake. Mimi na umri wangu nikapanda kama mwanamume, gauni limepanda magotini, na sikujali nani ananiona. Tulifika saa tano na dakika ishirini. Mweka Hazina akatoka nje ya dirisha lake, akabeba karatasi mkononi kama alivyoahidi.

Msajili aliandika. Niliruhusiwa kusimama mlangoni nikaona. Daftari kubwa la ndoa limefunguliwa, ukurasa wa harusi ya mwanangu, saini yangu mimi kama shahidi iko pale chini, na pembeni akaandika kwa wino mweusi namba ya hukumu, jina la mahakama, na tarehe. Mistari minne. Akapuliza wino. Kisha akamwita kijana wa kompyuta aingize kwenye rejesta kuu, na kijana akasema mtandao unazunguka.

Ulizunguka. Tulikaa pale watu wazima wanne tunatazama kiduara kinazunguka kwenye kioo. Msajili akapiga simu hospitalini, karani wa vizazi akasema yeye anaona bado ameolewa, na karatasi hawezi kuitumia, anatumia kinachoonekana. Saa sita ikafika, ikapita. Saa sita na robo yule kijana akasema, tayari. Binti yangu akawa ametalikiwa, tangu miaka miwili iliyopita. Na mjukuu wangu akawa mtoto wa kinyozi, tangu robo saa iliyopita.

Niliuliza kama sasa, maadamu talaka inaonekana, hawawezi kumtoa kinyozi. Msajili alikuwa mtu wa makamo, mpole, ana miwani iliyofungwa na uzi. Akanieleza kama anavyoelezwa mtu aliyefiwa. Daftari la ndoa ni moja, la vizazi ni jingine. Kizazi kikishafungwa, nafasi ya baba haiguswi na karani wala na yeye. Njia ziko mbili. Ama watu watatu waje mbele yake siku moja, mama, baba aliyeandikwa, na baba mwenyewe, watie saini kwamba aliyeandikwa siye. Ama mahakama iamue.

"Aliyeandikwa akikubali ni kazi ya nusu saa," akasema.

Nikamwambia atakubali. Namjua, nikasema, ni kijana mwema.

Nilikwenda kwenye kibanda cha kinyozi Jumamosi. Kilikuwa na wateja wawili, akawaomba wasubiri, akanikalisha kwenye kile kiti kinachozunguka, nikawa najiona kwenye kioo. Kabla sijafungua mdomo akatoa simu mfukoni, akanionyesha ujumbe. Serikali ilikuwa imemtumia. Ulisema kuzaliwa kwa mtoto wako kumesajiliwa, na chini yake namba.

"Mama yangu alipousoma alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja," akasema. "Nikamwambia acha, mama, mtoto si wangu. Akaniambia serikali haiwezi kukosea."

"Imekosea," nikasema. "Au nimekosea mimi. Nakuomba uje Jumanne utie saini, yaishe."

Akafuta mashine ya kunyolea kwa kitambaa, akaifuta sana, ilikuwa safi. "Mama, unakumbuka uliniambia nini?"

Nilikumbuka. Nikamwambia yale yalikuwa maneno ya kumfariji mtu.

"Mimi sikujua kwamba ni ya kufariji. Nimekaa miaka miwili. Wananiletea wasichana, nakataa, nasema nina mke, tumegombana tu, mama mkwe kasema karatasi haijafika kokote. Nilimwona ana tumbo mwaka huu. Nikajiambia, hata hivyo, bado ni mke wangu." Alisema yote kwa upole, na ningependa angenitukana. "Nitakuja Jumanne."

Nilirudi nyumbani nimefurahi. Ndivyo nilivyo mpumbavu. Alisema atakuja, nikasikia atatia saini.

Jumanne alikuja kweli, ana shati jeupe, kanyoa ndevu. Binti yangu alikuwa amekaa juu ya mto, maana bado alikuwa anakaa kwa shida. Fundi amembeba mtoto. Mimi sikutakiwa kwenye fomu ile, lakini msajili aliniachia kiti kando ya kabati. Akasoma fomu kwa sauti, polepole, kisha akauliza kila mmoja kama ameelewa na kama kuna aliyelazimishwa. Binti yangu akatia saini. Fundi akaomba mtu amshikie mtoto ili naye atie, na aliyekuwa karibu alikuwa kinyozi. Naapa Fundi hakufikiri mara mbili. Ni mtu asiye na kinyongo, akampa.

Kinyozi alimpokea vizuri, akaweka kiganja nyuma ya shingo. Mtoto akafungua jicho moja. Fundi akamaliza kuandika jina lake refu, akaweka kalamu mezani.

"Zamu yako," msajili akasema.

Kinyozi akamrudisha mtoto kwa mama yake, si kwa Fundi. Akachukua kalamu. Halafu akaniangalia mimi. "Mama, waambie kwanza."

"Niwaambie nini?"

"Uliloniambia. Mimi nikisema wataona natunga."

Binti yangu akageuza shingo. Nikasema kwa kifupi. Kwamba nilimwambia karatasi iko kwangu. Kwamba nilimwambia bado ni mkewe. Sikumtazama mwanangu nikisema, nilimtazama msajili, ambaye hakuwa na kosa lolote.

"Lini?" binti yangu akauliza.

"Mwezi uleule."

"Kabla sijampata baba wa mtoto."

"Kabla."

"Na baada ya hapo hukumwambia kwamba nimempata?"

"Nilijua," kinyozi akasema. "Mji wenyewe ni huu. Lakini aliyenipa neno hakulirudisha, na mimi nilikuwa nalishikilia hilohilo." Akaitazama fomu tena. "Ndugu msajili, mimi sina ubaya na hawa. Mtoto si wangu, najua kuhesabu. Mahakama ikiniuliza nitasema ukweli, sitaapa uongo. Ila kuandika kwa mkono wangu siwezi. Alhamisi nilikuwa na mke na mtoto. Ijumaa nimepata ujumbe mwingine kwamba hali yangu ya ndoa imebadilika, kumbe imebadilika tangu mwaka juzi na mimi sikuwa na habari. Sasa nichukue kalamu nijiondolee na huyu?"

"Siwezi kukulazimisha," msajili akasema.

"Najua."

Akaweka kalamu juu ya fomu, sawasawa, akatoka. Fundi akainuka kana kwamba anamfuata, akasimama katikati ya chumba, hajui amfuate akamwambie nini. Nilimwona mkono wake umekunjwa ngumi, halafu ukafunguka wenyewe. Msajili akachora mstari mmoja kwenye fomu ile, akaandika haijakamilika, akatupa namba ya chumba cha mahakama cha kufungulia shauri. Akasema, kwa uzoefu wake, bila mabishano ni miezi minane, na tarehe zikisogezwa ni mwaka au zaidi. Mpaka hapo cheti kitatoka kama kilivyo.

Nje, kwenye ngazi, nilimwomba binti yangu msamaha. Niliomba kwa sauti, watu wakapita wanatazama. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Nimekusikia, mama," akasema. "Mahakamani utakuja kueleza, kwa sababu wewe ndiye shahidi. Mambo mengine usinisaidie." Ilikuwa haki yake, nami sikujitetea.

Wiki sita zikapita. Siku ya chanjo binti yangu alikuwa na miadi ya kufungua shauri, akaenda peke yake asubuhi na mapema. Fundi akaniomba niende naye kliniki, maana hajui kumvua mtoto nguo bila kumtisha. Tukakaa kwenye benchi na akina mama thelathini. Muuguzi akaita jina la mtoto. Akaliita lote, na jina la mwisho lilikuwa la kinyozi. Fundi hakusimama. Nadhani hakutambua kwamba ni wake. Nikamgusa goti.

Muuguzi alikuwa na daftari lenye safu nyingi. Akanakili kutoka kwenye cheti, jina la mama, jina la baba. Kisha akainua macho, akamwangalia Fundi na jinsi alivyomkumbatia yule mtoto kifuani. "Wewe ni kaka yake mama?"

"Hapana."

"Baba yuko hapa kwenye cheti, nimekwisha kumwandika. Wewe ni nani yake?"

Fundi akaniangalia mimi. Mwanamke mzima niliyemfokea kila karani wa mji huu, nilifungua mdomo na hakikutoka kitu. Ningesema ni baba, muuguzi angeuliza karatasi iko wapi.

"Kuna nafasi gani nyingine hapo?" Fundi akauliza.

Muuguzi akapitisha kidole kwenye safu. "Mlezi, lakini hiyo inahitaji barua. Halafu kuna hii, aliyemleta mtoto."

"Niandike hapo," Fundi akasema, akaanza kumvua mwanawe soksi.